UZI: EDATE inanipa tarehe 28 kila mwezi wakati mkataba unasema mwisho wa mwezi, nimempiga mwanachama faini kimakosa

MamaD_Kiborloni
Wakuu habari za leo. Mimi ni karani kwenye ka-saccos kadogo hapa Moshi, kazi yangu ni ratiba za marejesho na risiti. Ratiba zote ziko kwenye Excel, faili nimelirithi kwa aliyekuwepo kabla yangu.

Jana amekuja mwalimu mmoja amefura kweli kweli. Alichukua mkopo wa ada tarehe 31/12/2025, miezi sita, mkataba wake umeandikwa "kila mwisho wa mwezi". Amelipa rejesho la tatu Jumatatu tarehe 30 Machi, mimi nikamkata faini ya elfu tano kwa sababu ratiba inasema alitakiwa kulipa tarehe 28. Akanitolea mkataba akaniambia dada soma hapa, mwisho wa mwezi wa tatu ni tarehe ngapi? Nikakosa cha kujibu, watu kwenye foleni wananitazama.

Ratiba yake ilivyo kwenye shiti ni hivi: 31/1, 28/2, 28/3, 28/4, 28/5, 28/6. Januari iko sawa, Februari iko sawa, kuanzia hapo imeganda kwenye 28. Fomula iliyopo B5 ni hii, B6 inaendelea hivyo hivyo mpaka chini:

```
=EDATE(B1,1)
=EDATE(B5,1)
```

B1 ndo tarehe ya kuchukua mkopo. Sasa EDATE ni mbovu au mimi ndo mbovu? Na kama kuna njia ya kufanya Jumamosi na Jumapili zisiwe tarehe za kulipa nayo nisaidieni.

---

DogoSoweto
Pole sana dada. EDATE achana nayo, mimi huwa naongeza 30 tu, `=B1+30` unavuta chini imeisha, mwezi ni siku 30 kila mtu anajua hata benki zinahesabu hivyo.

---

mhasibu_ngarenaro
Dogo tulia kidogo. Hebu ifanye hiyo yako kwa tarehe ya huyo mwalimu uone. 31 Desemba ukiongeza 30 unapata 30 Januari. Ongeza 30 tena, umefika tarehe 1 Machi. Ongeza tena, 31 Machi. Kwa hiyo Februari hana rejesho kabisa alafu Machi ana mawili, la tarehe mosi na la tarehe 31. Hiyo faini ya elfu tano ingekuwa ndogo.

Mama D, EDATE sio mbovu na wewe sio mbovu, shida ni namna fomula zilivyofungwa mkia kwa mkia. EDATE ukiipa tarehe 31 na mwezi unaofuata hauna 31, inarudi mpaka siku ya mwisho iliyopo, ndo mana Januari 31 inakupa Februari 28. Hapo imefanya kazi yake. Ila rejesho la tatu kwenye shiti lako halianzii tena kwenye mkopo, linaanzia kwenye seli ya juu yake, na seli ya juu ni tarehe 28. EDATE haina kumbukumbu kwamba zamani ilikuwa 31, inaona 28 Februari tu, inaongeza mwezi, inakupa 28 Machi. Ikishashuka haipandi tena.

Dawa ni kila rejesho lihesabu kutoka tarehe ya mkopo wenyewe, sio kutoka kwa jirani yake. Weka namba za marejesho kwenye safu A, A5 andika 1, A6 andika 2, mpaka 6. Alafu B5:

```
=EDATE($B$1,A5)
```

Hizo alama za dola usiziache, ndo zinazoifunga B1 isihame ukivuta. Vuta mpaka B10, utapata 31/1, 28/2, 31/3, 30/4, 31/5, 30/6.

---

MamaD_Kiborloni
Aisee imekubali! Ila mbona Februari hakuna aliyelalamika? Na Januari?

---

mhasibu_ngarenaro
Kwa sababu Januari na Februari fomula mbovu na nzuri zinatoa jibu moja. Kosa linaanza kuonekana Machi. Ndo ubaya wa hili kosa, unaweza kukagua laini mbili za kwanza ukasema safi ukaprinti.

Namna ya kulishika haraka, weka safu ya pembeni `=DAY(B5)` uvute. Ukiona 31, 28, 28, 28 ujue ni ule mkia. Ukiona 31, 28, 31, 30 uko salama. Na sio kila mkopo umeathirika, mikopo ya tarehe 1 mpaka 28 haiguswi kabisa mana hizo tarehe zipo kila mwezi. Chuja mikopo iliyotolewa tarehe 29, 30 na 31 tu.

---

KijengeJuu
Mi siku zote natumia DATE, ni ile ile tu mbona

```
=DATE(YEAR(B1),MONTH(B1)+1,DAY(B1))
```

---

mhasibu_ngarenaro
Sio ile ile mkuu. Kwa tarehe 15 ni sawa. Kwa tarehe 31 hiyo inaomba "31 Februari", na DATE haikatai, inamwaga siku zilizozidi kwenye mwezi wa mbele. Februari 2026 ina siku 28, zimezidi tatu, kwa hiyo inakupa 3 Machi. EDATE inabana ndani ya mwezi, DATE inamwagika. Jaribu `=DATE(2026,2,31)` uone mwenyewe.

---

KijengeJuu
Dah kweli imetoa 3/3. Na mimi ndo nimetumia hii kwenye kodi za wapangaji miaka yote 😅 afadhali wengi waliingia katikati ya mwezi

---

BabaNeema_Usa
Samahani nachomekea hapo kwenye kodi, mpangaji wangu kalipa miezi mitatu kuanzia 15 Januari, nikiweka EDATE miezi 3 inaniambia 15 Aprili, yeye anadai na hiyo 15 ni ya kwake, mimi nasema inaishia 14. Nani yuko sahihi?

---

mhasibu_ngarenaro
Wewe baba Neema. 15 Aprili ndo siku ya kwanza ya kipindi kipya, kwa hiyo siku ya mwisho ya kulala ndani ni `=EDATE(B1,3)-1`. Ila uzi ni wa marejesho tusimwache Mama D njiani.

---

Mpare_Original
Mpare hapa, huyo mpangaji siku moja mnagombania nini 😂 mpe chai aondoke

---

MamaD_Kiborloni
Jamani nimekagua. Nina mikopo 46 hai, iliyotolewa tarehe 29 mpaka 31 ipo minane. Sita ni ya 31 Desemba, wale wote wa ada, na miwili ni ya 30 Desemba. Hiyo miwili mmoja ni wa mwalimu na mwingine ni mama anauza nguo Mbuyuni. Mkataba wa walimu unasema mwisho wa mwezi kwa sababu ya mshahara, wa wafanyabiashara unasema "tarehe ile ile aliyochukua mkopo". Sasa yule mwalimu wa tarehe 30 hiyo fomula mpya inamwekea 30 Januari, 28 Februari, 30 Machi. Mwisho wa mwezi Machi si 31?

---

mhasibu_ngarenaro
Swali zuri na ndo penye mtego mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hapo hauna fomula moja, una mikataba miwili. "Tarehe ile ile" ni EDATE. "Mwisho wa mwezi" ni EOMONTH, haijali tarehe ya mkopo ni ngapi, inaenda moja kwa moja siku ya mwisho ya mwezi.

```
=EOMONTH($B$1,A5)
```

Kwa wale sita wa tarehe 31 zote mbili zinatoa jibu moja, ndo mana zinachanganya watu. Kwa wa tarehe 30 zinaachana, mama wa Mbuyuni ni 30 Januari, mwalimu ni 31 Januari. Na kuna wengine hujawataja, mwalimu aliyechukua 28 Februari. Ile EDATE itamwekea 28 Machi, na hiyo safari sio mkia, EDATE hata ukiifunga vizuri haijui kwamba 28 Februari ilikuwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo walimu wote weka EOMONTH hata waliochukua tarehe 10, usiwachuje kwa tarehe, wachuje kwa aina ya mkataba.

Kitu kimoja uangalie. Aliyechukua tarehe 3 Januari, EOMONTH na 1 inampeleka 28 Februari, karibu miezi miwili ndo alipe rejesho la kwanza. Kama bodi yenu inataka alipe mwisho wa Januari hiyo hiyo, tumia A5-1 badala ya A5. Namba 0 ndani ya EOMONTH maana yake ni mwisho wa mwezi huu huu.

---

DogoSoweto
Mimi nimejaribu hiyo EOMONTH imeniletea 46053, hii nayo ni tarehe ya nchi gani

---

KijengeJuu
Hiyo ni tarehe imevua nguo dogo. Excel ndani inahesabu siku kwa namba, tarehe ni sura tu. Bonyeza Ctrl+1 chagua Date, itakuwa 31/1/2026.

---

DogoSoweto
Imekubali. Kumbe nilikuwa nimeshaifuta nikadhani nimeharibu

---

MamaD_Kiborloni
Sawa tarehe zimekaa. Sasa lile swali la wikiendi. Nimeangalia kalenda, 31 Januari ni Jumamosi, 28 Februari ni Jumamosi, 31 Mei ni Jumapili. Mwenyekiti anasema tarehe ikiangukia wikiendi isogezwe Jumatatu.

---

mhasibu_ngarenaro
Ya kusogeza mbele ni hii, weka D5:

```
=WORKDAY(B5-1,1,Sikukuu!$A$2:$A$14)
```

Shiti ya Sikukuu utaandika mwenyewe tarehe za sikukuu, Excel haijui Nanenane wala Karume Day. Hiyo B5-1 inawachanganya wengi. WORKDAY haihesabu siku unayoanzia, kwa hiyo ukiandika `WORKDAY(B5,1)` hata tarehe iliyo Jumanne nzuri kabisa itasogezwa Jumatano. Unarudi siku moja nyuma kwanza, alafu unaomba siku ya kazi inayofuata. Kama B5 yenyewe ni siku ya kazi inabaki hapo hapo, kama ni wikiendi inaruka.

Ila Mama D mwambie mwenyekiti atazame matokeo kabla hajasaini. 31 Januari inakwenda Jumatatu 2 Februari. 28 Februari inakwenda Jumatatu 2 Machi. 31 Mei inakwenda Jumatatu 1 Juni. Mwisho wa mwezi ukiusogeza mbele lazima uangukie mwezi mwingine, hakuna namna. Februari kwenye vitabu mwalimu ataonekana amelipa rejesho moja, la Januari, na la Februari litaingia Machi pamoja na la Machi lenyewe, mana 31 Machi ni Jumanne haisogei. Ukifunga hesabu za mwezi utaonekana una deni chechefu ambalo sio chechefu.

Mimi kwa mikataba ya mwisho wa mwezi narudisha nyuma:

```
=WORKDAY(B5+1,-1,Sikukuu!$A$2:$A$14)
```

Hiyo inakupa Ijumaa 30 Januari, Ijumaa 27 Februari, Ijumaa 29 Mei, na 31 Machi, 30 Aprili na 30 Juni zinabaki zilivyo. Mantiki ni ile ile, unavuka siku moja mbele alafu unaomba siku ya kazi iliyopita.

---

Shuka_Tengeru
Napinga. Ukirudisha nyuma unamnyima mwanachama siku zake. Mkataba unasema mwisho wa mwezi, wewe unamwambia alipe tarehe 27, mshahara haujaingia. Alafu umkate faini tena? Mbele ndo haki, hesabu za vitabu ni shida ya ofisi sio ya mwanachama.

---

mhasibu_ngarenaro
Una hoja, na ndo mana nimesema mwenyekiti atazame. Kuna wanaofanya hivi: tarehe ya kumkumbusha ni ile ya nyuma, faini inaanza kuhesabiwa baada ya ile ya mbele. Safu mbili, D na E. Mimi ofisini kwangu tunarudisha nyuma na imeandikwa kwenye fomu ya mkopo, anayesaini anajua. Kama kwenye mkataba wenu haipo usiingize kwa fomula kimya kimya.

---

Mama_wa_Pasua
Mbona ofisi nyingi Moshi hapa Jumamosi zinafungua mpaka saa saba mchana? Mimi marejesho yangu nalipaga Jumamosi baada ya soko. Kwa nini Jumamosi iwe wikiendi

---

MamaD_Kiborloni
Kweli sisi Jumamosi tunafungua mpaka saa saba. Sikufikiria hilo.

---

KijengeJuu
Basi tumia WORKDAY.INTL, hiyo unaiambia mwenyewe wikiendi ni lini. Namba 11 maana yake Jumapili peke yake

```
=WORKDAY.INTL(B5+1,-1,11,Sikukuu!$A$2:$A$14)
```

Angalia 11 inakaa kabla ya sikukuu, ukiiweka mwisho inagoma.

---

mhasibu_ngarenaro
Sahihi kabisa. Hapo 31 Januari na 28 Februari zinabaki kwenye Jumamosi zake, inabaki 31 Mei tu, inarudi Jumamosi 30 Mei. Ugomvi wa Shuka nao unapungua sana. Kuna na njia ya kuandika wiki nzima kwa tarakimu, `"0000001"`, inaanza Jumatatu, 1 ni siku ya kupumzika. Inasaidia kama mtu anafunga siku ya ajabu ajabu, mfano duka linalofunga Ijumaa tu ni `"0000100"`.

---

Shuka_Tengeru
Jumamosi mnapokea hela kaunta sawa, lakini wanaokatwa mshahara benki? Ile hela itaingia Jumatatu. Kwa hao Jumamosi sio siku ya kazi hata mkifungua mpaka usiku.

---

MamaD_Kiborloni
Hilo nitaliuliza kikao. Walimu wengi wanalipa kwa simu ila wapo watatu wa kukatwa.

---

Chalii_Sakina
Wakuu na mimi nina yangu, natengeneza fomu ya mahudhurio, bosi anataka orodha ya siku za kazi za Aprili tu zipangwe chini kwa chini bila wikiendi bila sikukuu. Nimeandika kwa mkono nimekosea mara mbili, Pasaka imenichanganya

---

mhasibu_ngarenaro
Aprili hii ni mtihani kweli. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Karume Day ni tarehe 7, Jumanne. Ukishatoka kazini Alhamisi tarehe 2 unarudi Jumatano tarehe 8. Siku tano mfululizo.

Weka tarehe 1/4/2026 kwenye F1. Siku ya kwanza F2:

```
=WORKDAY(EOMONTH($F$1,-1),1,Sikukuu!$A$2:$A$14)
```

EOMONTH na -1 inakupa mwisho wa mwezi uliopita, 31 Machi, alafu unaomba siku ya kazi inayofuata. Zinazofuata F3 kushuka, vuta mpaka F24:

```
=IF(F2="","",IF(WORKDAY(F2,1,Sikukuu!$A$2:$A$14)>EOMONTH($F$1,0),"",WORKDAY(F2,1,Sikukuu!$A$2:$A$14)))
```

Ndefu ila inasema kitu kidogo tu, nipe siku ya kazi inayofuata, kama imevuka mwisho wa mwezi acha wazi. Laini 23 zinatosha mana hakuna mwezi wenye siku za Jumatatu mpaka Ijumaa zaidi ya 23. Mwezi ujao unabadili F1 tu.

---

Chalii_Sakina
Imetoka kali! 1, 2, 8, 9, 10, 13... mpaka 30. Nimehesabu ni 19.

---

DogoSoweto
Mimi napata 18 kwa Aprili. Nimetoa sikukuu nne kwenye 22, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Karume na Muungano

---

Chalii_Sakina
Muungano ni tarehe 26 chalii yangu, hiyo ni Jumapili, ilishatolewa na wikiendi. Unaitoa mara mbili.

---

mhasibu_ngarenaro
Kabisa. Kwa hiyo usitoe kwa kichwa, mwachie NETWORKDAYS, yeye sikukuu ikiangukia wikiendi haigusi tena:

```
=NETWORKDAYS(F1,EOMONTH(F1,0),Sikukuu!$A$2:$A$14)
```

Inatoa 19. Huyu tofauti na WORKDAY anahesabu siku ya mwanzo na ya mwisho zote mbili.

---

DogoSoweto
Haya nimekubali. Na fomula ya Idi ni ipi niweke kwenye Sikukuu?

---

Mpare_Original
Fomula ya Idi ni kutoka nje usiku utazame juu 🌙

---

mhasibu_ngarenaro
Mpare kaongea kweli kwa mara ya kwanza. Idi inategemea mwandamo, unaiandika kwa mkono ikishatangazwa. Ndo mana kwenye fomula nimeacha laini mpaka A14, za tarehe zisizohama ziko 11, Pasaka utaongeza Ijumaa na Jumatatu. Idi zikija panua mpaka A20 mapema, seli tupu haina madhara.

---

BabaNeema_Usa
Jamani narudi tena, mnisamehe. Kikundi chetu cha vikoba tunakutana kila Alhamisi. Nataka nikiandika mwezi tu shiti iniletee Alhamisi zote. WEEKDAY nimeiona ila namba zake hazieleweki, Alhamisi inasema ni 5

---

KijengeJuu
Sababu inaanza kuhesabu Jumapili kuwa 1.

---

mhasibu_ngarenaro
Baba Neema hii utaipenda. WEEKDAY ina namba ya pili inayosema wiki inaanza lini, na ukiweka 16 wiki inaanza Jumamosi. Yaani Jumamosi ni 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5, Alhamisi 6, Ijumaa 7. Jumamosi mosi, Jumapili pili, Jumatatu tatu. Ni kalenda ya Kiswahili kabisa imejificha ndani ya Excel, mimi nilipoigundua nilicheka peke yangu ofisini.

Kwa hiyo Alhamisi ya kwanza ya mwezi, F1 ikiwa tarehe mosi:

```
=F1+MOD(6-WEEKDAY(F1,16),7)
```

Mosi Aprili ni Jumatano, yaani 5. Sita toa tano ni moja, ongeza siku moja, Alhamisi ya kwanza ni tarehe 2. Ukitaka Jumanne badala ya 6 weka 4. MOD iko pale ili siku ikishapita isirudi nyuma mwezi uliopita. Zinazofuata ni kuongeza 7 tu, 9, 16, 23, 30. Aprili mna vikao vitano, waambie wanachama waandae hisa tano.

---

BabaNeema_Usa
Kumbe! Sasa nimeelewa kwa nini kila robo tunazidisha hela na mweka hazina analaumiwa. Yeye anapiga vikao vinne kila mwezi.

---

MamaD_Kiborloni
Narudi na mpya. Nimepesti orodha ya marejesho kutoka kwenye taarifa ya mtandao wa simu, EDATE na EOMONTH zote zinaleta #VALUE! kwa baadhi ya laini, nyingine zinakubali. Tarehe zinaonekana za kawaida tu, 31/01/2026.

---

mhasibu_ngarenaro
Zilizogoma zimekaa upande wa kushoto wa seli?

---

MamaD_Kiborloni
Eeh! Zilizogoma kushoto, zilizokubali kulia.

---

mhasibu_ngarenaro
Kompyuta yako imewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. 31/01 kwake ni mwezi wa 31, haupo, kaiacha kama maandishi. Hizo zinakupa #VALUE!, afadhali zinapiga kelele. Za kuogopa ni zilizokaa kulia. 05/02/2026 ambayo ni tano Februari yeye kaisoma mbili Mei, kakubali, na ratiba itatoka bila kelele yoyote. Kila tarehe ya 1 mpaka 12 imegeuzwa.

Futa hiyo orodha, usijaribu kuirekebisha laini moja moja. Badili Region ya Windows iwe United Kingdom, fungua Excel upya, kisha upesti tena. Baada ya hapo jaribu `=ISNUMBER(B2)` kushuka chini, zote zisome TRUE, alafu chagua tarehe tano za mwanzo wa mwezi ulinganishe na simu kwa macho.

---

MamaD_Kiborloni
Imekaa. Zilizokuwa zimegeuka ni 17 🙈 Nimesharudisha elfu tano ya mwalimu na risiti nimeandika upya. Ratiba za walimu zote nimezipeleka EOMONTH, wafanyabiashara EDATE iliyofungwa. Jumamosi nimeacha kama siku ya kazi mpaka kikao kiseme.

Kuna kitu kimoja, yule aliyekuwepo kabla yangu alitumia faili hili hili mwaka jana mzima. Mikopo ya mwaka jana imeshafungwa, faini zilishalipwa. Nizikague nazo?

---

Shuka_Tengeru
Kagua. Chuja waliochukua tarehe 29 mpaka 31, sidhani ni wengi.

---

DogoSoweto
Mi ningeacha, utafufua maiti

---

Mama_wa_Pasua
Mimi nilichukua tarehe 31 Januari mwaka jana kwenye saccos moja hapa mjini na nilikatwa faini mara mbili. Dada ni ofisi gani hiyo, njoo PM.